Amekiri kosa, anabishia kiasi: jinsi ya kupendekeza malipo ya sehemu bila kupoteza madai yaliyobaki

Msambazaji anapokataa kosa lake, njia inajulikana: unakusanya ushahidi, unaandika barua ya madai, na asiposikia unakwenda mahakamani. Akikubali kosa na kulipa, hakuna mjadala. Kinachowachanganya wafanyabiashara wengi ni hali ya katikati. Msambazaji anasema, "Ni kweli, mzigo ule ulikuwa na tatizo," lakini anapoona hesabu ya fidia anashtuka na kutaja kiasi chake, kidogo kuliko ulichodai. Hapo pande mbili huanza kuvutana juu ya namba moja kubwa, wiki zinapita, na mwenye hasara hana hata ile pesa ambayo hakuna anayeibishia.

Njia ya kutoka hapo ni kuivunja ile namba moja. Unapendekeza kwamba kile ambacho wote mnakubaliana kilipwe sasa, na kile mnachobishania kitengwe, kipewe utaratibu wake na tarehe yake. Kinasikika kama kitu chepesi. Ugumu uko kwenye maneno yanayoandikwa, kwa sababu karatasi ileile inayokupa malipo ya kwanza inaweza kukufungia mlango wa malipo ya pili.

Tuchukue mfano wa mfugaji wa Kibaha mwenye kuku wa mayai 1,000. Kuku wake wana umri wa wiki 38 na wanampa wastani wa trei 28 kwa siku. Ananunua mifuko 40 ya chakula cha kutagia, kila mmoja kilo 50, kwa shilingi 65,000 mfuko. Kuku wa mayai hula karibu gramu 120 kwa siku, kwa hiyo banda lake linamaliza mifuko miwili na kitu kila siku. Siku ya nne anaanza kuokota mayai yenye ganda laini, mengine yamevunjika chini ya kuku. Siku ya kumi anasimamisha chakula kile. Mifuko 24 imeshaliwa, 16 bado haijafunguliwa.

Chakula cha kuku anayetaga kinatakiwa kiwe na kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4 hivi, na sehemu kubwa ya kalsiamu hiyo hutoka kwenye chokaa au maganda ya konokono wa baharini. Majibu ya maabara yanaonyesha asilimia 1.2. Msambazaji anakwenda kuuliza kiwandani kwake, na anarudi na jibu la kiungwana: mchanganyiko wa siku ile ulikosa chokaa. Kosa limekubaliwa. Mfugaji anatuma madai ya shilingi 6,982,500. Msambazaji anapiga simu: "Mama, nimekubali kosa, lakini milioni saba ni kunifunga duka. Nakupa milioni moja na nusu leo, tuyamalize."

Wengi hapa hujibu kwa kushuka kidogo: sita, tano na nusu, tano. Huo ni mnada, na kwenye mnada anayehitaji pesa haraka ndiye anayeshindwa. Mfugaji mwenye kuku wanaokula kila siku ndiye anayehitaji pesa haraka.

Vunja hesabu yako kabla ya kuvunja ya mwenzako

Kabla hujapendekeza chochote, rudi kwenye madai yako mwenyewe na uyapitie kwa jicho la mtu atakayeyapinga. Madai ya mfugaji wetu yalikuwa na mafungu matano: mifuko 16 isiyofunguliwa, shilingi 1,040,000, mifuko 24 iliyoliwa, 1,560,000, mayai yaliyopotea kwa siku 40, 1,742,500, gharama za daktari wa mifugo, maabara na maganda aliyonunua kwa dharura, 240,000, na mteja wa hoteli aliyehamia kwa mwingine, 2,400,000.

Fungu la pili halisimami. Mfugaji anadai alipwe mayai ambayo kuku wangetaga kama chakula kingekuwa kizuri. Sawa, lakini ili kuku watage mayai hayo ingembidi anunue chakula kizuri. Akirudishiwa bei ya chakula kilicholiwa na bado akalipwa mayai yote, atakuwa amepata mayai bila kulisha kuku. Anadai mara mbili kwa hasara moja. Msambazaji huenda asiweze kulieleza jambo hili kwa maneno haya, lakini analihisi, na ndilo linalomfanya aone hesabu nzima ni ya kumkomoa. Liondoe mwenyewe. Tena liondoe kwa maandishi, na ueleze kwa nini. Hakuna kitu kinachobadilisha mazungumzo ya namna hii kama mdai anayefuta sehemu ya madai yake kwa hoja, kwa sababu mafungu yaliyobaki yanaanza kuaminika.

Fungu la hoteli nalo ni dhaifu, ingawa kwa sababu nyingine. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kinampa aliyeumizwa fidia ya hasara iliyotokea kwa mkondo wa kawaida wa mambo kutokana na kuvunjwa kwa mkataba, au hasara ambayo pande zote zilijua wakati wa kufanya mkataba kwamba ingeweza kutokea. Hasara ya mbali haimo. Kupungua kwa mayai ni mkondo wa kawaida kabisa wa chakula kibovu cha kutagia. Mkataba wa hoteli ni jambo ambalo msambazaji angelazimika kuwa analijua siku anauza ile mifuko. Kama aliambiwa, na kuna ujumbe wa simu unaoonyesha, fungu lina uhai. Kama aliambiwa baada ya tatizo, ni vigumu. Mfugaji wetu hakuwa na ujumbe kama huo. Kifungu hichohicho kinataka pia iangaliwe kama mdai alitumia njia alizokuwa nazo kupunguza hasara, na ndiyo maana zile shilingi za maganda ya dharura zina thamani kubwa kuliko ukubwa wake: zinaonyesha hakukaa akitazama banda likiharibika.

Yanabaki mayai. Hapa ndipo kazi ilipo, kwa sababu fungu moja la mayai kwa kweli ni mafungu mawili. Katika siku 10 za kulisha chakula kibovu, daftari la banda linaonyesha upungufu wa trei 75, ukishatoa mayai ya nyufa aliyoyauza kwa bei ya chini. Baada ya kubadilisha chakula, kuku hawakurudi siku ileile. Kwa siku 30 zilizofuata zilikosekana trei 130 zaidi. Kwa bei ya shilingi 8,500 trei, zile 75 ni shilingi 637,500 na zile 130 ni shilingi 1,105,000.

Msambazaji anakubali kirahisi zile za kwanza. Za pili anazibishia, na ana hoja ya haki. Kuku wa wiki 38 ameshapita kilele chake, na utagaji hushuka polepole wiki hadi wiki hata akila vizuri, kwa hiyo si sahihi kuhesabu trei 28 kila siku kama kipimo kisichobadilika. Mdondo na magonjwa mengine ya njia ya hewa nayo hulegeza ganda na kushusha mayai. Anauliza kadi ya chanjo iko wapi. Ni swali halali, na mfugaji asilichukulie kama matusi.

Sasa panga upya, mafungu yawe sita: mayai ya siku 10 yabaki namba 3, zile trei 130 ziwe namba 5, na hoteli iwe namba 6. Yasiyobishaniwa ni mifuko 16, trei 75 na gharama za daktari, maabara na maganda: jumla shilingi 1,917,500. Yanayobishaniwa kwa kiasi ni zile trei 130. Yanayobishaniwa kwa msingi ni hoteli. Yaliyofutwa ni mifuko iliyoliwa.

Angalia kilichojitokeza. Ile milioni moja na nusu ambayo msambazaji aliitoa "tuyamalize" ni ndogo kuliko yale ambayo yeye mwenyewe, ukimuuliza fungu kwa fungu, hayapingi. Hakuwa anadanganya. Alikuwa anakadiria namba ya kufunga mjadala, na mfugaji naye alikuwa amempa namba moja ya kuikadiria. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya mazungumzo ni kupata kukiri kwa kila fungu. "Mifuko 16 isiyofunguliwa, unaipinga? Hapana. Mayai ya siku zile kumi, unayapinga? Hapana." Baada ya hapo andika ulichosikia na umtumie siku ileile.

Barua mbili

Watu wengi wameshasikia kwamba mazungumzo ya suluhu huandikwa juu yake "bila kuathiri haki", maana yake yaliyosemwa humo kwa nia ya kupatana yasije yakatumika mahakamani dhidi ya aliyeyasema. Ni kinga nzuri. Lakini ukiiweka kwenye kila karatasi, umezifungia humo hata zile kauli za kukiri ulizozihangaikia. Msambazaji anakiri shilingi 1,917,500 ndani ya barua yenye maneno hayo, kisha anabadili mawazo, na wewe huna cha kuonyesha.

Kwa hiyo tumia barua mbili. Ya kwanza ni ya wazi, haina kinga yoyote. Inaeleza mzigo upi, tarehe ipi, tatizo gani, yapi yamekubaliwa na kwa kiasi gani, yapi yamefutwa, na yapi bado yanabishaniwa. Barua hii ndiyo itakayosimama ikiwa malipo hayatafanyika, kwa sababu Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, kwenye Amri ya 12, inaruhusu mahakama kutoa hukumu juu ya kile kilichokiriwa bila kusubiri mabishano mengine yaishe. Ya pili ndiyo yenye maneno "bila kuathiri haki", na humo ndimo unaweka ukarimu wako: kwamba uko tayari kuachia dai la hoteli akikubali utaratibu fulani, au kwamba ungepokea kiasi fulani kwa zile trei 130 ili yaishe kabla ya mwezi kuisha. Asipokubali, ukarimu huo haujawa kipimo cha madai yako.

Kiini cha barua ya wazi kinaweza kusomeka hivi:

"Tumekubaliana kwamba chakula cha ankara hii kilikosa chokaa ya kutosha. Kiasi kisichobishaniwa ni shilingi 1,917,500, kwa mchanganuo ulioambatanishwa. Utalipa kiasi hicho kwa akaunti ya benki iliyotajwa hapa chini ndani ya siku 14. Malipo haya ni kwa ajili ya mafungu namba 1, 3 na 4 ya mchanganuo pekee. Hayamalizi wala kupunguza fungu namba 5 na namba 6, ambayo kila upande unabaki na haki zake juu yake. Malipo haya hayatatumika kufidia ankara nyingine yoyote. Nimefuta fungu namba 2 na sitalidai tena."

Kila sentensi hapo ina kazi. Kutaja mafungu kwa namba kunazuia ubishi wa baadaye kuhusu pesa ilikuwa ya nini. Sentensi ya ankara nyingine inahitajika kwa sababu wafugaji wengi huchukua chakula kwa mkopo, na ni rahisi msambazaji kuandika kwenye daftari lake kwamba fidia imekata deni la mwezi uliopita. Huenda hilo likakufaa, lakini liwe jambo mlilokubaliana, si jambo ulilolikuta limefanyika. Na sentensi ya kufuta fungu namba 2 inampa yeye kitu cha uhakika siku ileile, ili asione kwamba analipa halafu mlango uko wazi kwa kila kitu.

Kwa nini msambazaji akubali kulipa sasa wakati angeweza kushikilia pesa yote mpaka mwisho? Kwa sababu kwake hatari kubwa ni dai lisilo na mwisho, kuliko pesa yenyewe. Pendekezo zuri linaweka kikomo: akikubali utaratibu na dai la hoteli likaachiwa, fungu linalobaki haliwezi kuzidi shilingi 1,105,000, na linaweza kuwa sifuri. Anajua mbaya kabisa itakuwaje. Kama pendekezo lako halimpi kikomo hicho, usishangae akirudi kwenye "chukua hii tuyamalize".

Maneno yanayofunga mlango

Hatari kubwa inakuja siku ya malipo. Msambazaji, au kijana wake wa ofisini, analeta karatasi ya kusaini wakati wa kuhamisha pesa. Ndani yake kuna maneno kama "malipo kamili na ya mwisho", "sina madai mengine", au "nimeridhika". Huenda hakuna hila yoyote, ni fomu wanayoitumia kila siku. Lakini Sheria ya Mikataba ya Tanzania inamruhusu anayedai kusamehe sehemu ya anachodai, au kupokea ridhaa nyingine badala yake, na akishafanya hivyo kwa hiari deni limekwisha. Ukisaini kwamba umeridhika na shilingi 1,917,500, zile trei 130 zimeondoka, hata kama wiki iliyopita mliandikiana vingine.

Kenya inafuata zaidi kanuni za sheria ya Kiingereza, ambako kulipa pungufu ya deni linalojulikana peke yake hakufuti deni lote. Msomaji wa Kenya asijifariji kwa hilo katika hali hii. Fidia inayobishaniwa kiasi si deni linalojulikana, na ukikubali kiasi fulani kumaliza mabishano, makubaliano hayo yanakufunga. Pande zote mbili za mpaka, dawa ni moja: kata maneno hayo kwa kalamu, andika juu yake "kwa mafungu 1, 3 na 4 pekee", wote wawili msaini pembeni ya marekebisho, na upige picha kabla hujaondoka. Akikataa kubadilisha, usipokee. Mwandikie siku hiyohiyo kwamba ulikuwa tayari kupokea kiasi alichokikiri na umezuiwa na maneno ya fomu.

Pesa ikiingia kwa simu au benki na maelezo yanayosema "fidia yote", jibu kwa maandishi haraka, siku ileile ikiwezekana: umepokea, na umeipokea kwa mafungu yaliyotajwa kwenye barua ya tarehe fulani. Ukimya wa wiki tatu unaweza kusomwa kama kukubali.

Kuna mtego mwingine usioonekana kama mtego. Msambazaji anataka mifuko 16 irudi kabla ya kulipa. Ni haki yake, lakini mifuko ile ndiyo ushahidi wako. Kabla haijapakiwa, chukueni sampuli pamoja: chota kutoka mifuko kadhaa, changanya, gawanya katika pakiti tatu, zifungwe na kusainiwa na wote wawili. Moja yako, moja yake, ya tatu inahifadhiwa kwa ajili ya maabara kama za TVLA, Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, iwapo mtabishana tena. Piga picha lebo zenye namba ya mchanganyiko na tarehe ya kutengenezwa.

Fungu lililobaki

Kutenga fungu bila kulipatia utaratibu ni kuahirisha ugomvi. Mfugaji wetu na msambazaji wanakubaliana juu ya daktari mmoja wa mifugo ambaye hakuna kati yao anayemwajiri. Anapewa daftari la mayai, kadi ya chanjo, rekodi ya vifo na ankara za chakula kipya. Na anaulizwa swali moja lililoandikwa: kati ya trei 130 zilizopungua baada ya kubadilisha chakula, ni ngapi zilisababishwa na chakula kile? Swali likiwa "nani ana haki?" mtapata maoni. Likiwa hivi mtapata namba, na namba hiyo mnaizidisha kwa 8,500 mliyoikubali tangu mwanzo. Andikeni pia kwamba jibu lake linawafunga, au kwamba halifungi ila mtalizingatia. Ni mambo mawili tofauti, na wengi husahau kuchagua.

Daktari anakuta chanjo ziko sawa, vifo havikuongezeka, na mayai yalianza kupanda wiki ya pili baada ya chakula kubadilishwa, jambo linaloendana na kuku anayejaza upya kalsiamu aliyoichota kwenye mifupa yake. Anapunguza trei 25 kwa ajili ya mshuko wa kawaida wa umri. Zinabaki 105, yaani shilingi 892,500. Dai la hoteli mfugaji analiachia kwa maandishi, na msambazaji naye anabeba ada yote ya daktari. Jumla iliyolipwa inafika shilingi 2,810,000, na sasa ndipo maneno "kamili na ya mwisho" yanapoandikwa na kusainiwa na wote.

Kama daftari la mayai lisingekuwepo, matokeo yangekuwa mengine kabisa. Daktari hawezi kuhesabu trei kutoka kwenye kumbukumbu ya mtu. Katika hali hiyo ni afadhali kwa mfugaji kupendekeza kiasi cha jumla kwa fungu lililobaki, kidogo kuliko anachoamini, kuliko kulipeleka kwa mtaalamu atakayesema hana cha kusoma.

Njia hii pia haifai kila mahali. Ikiwa fungu linalobishaniwa ni dogo kuliko ada ya mtaalamu na siku za kulifuatilia, malizeni yote kwa mara moja. Ikiwa una dalili kwamba msambazaji anaelemewa na madeni, kama hundi zinazorudi au wenzako wanaomdai pia, chukua kiasi kinachoweza kulipwa leo na usijenge ratiba ya miezi. Na ikiwa anakiri kosa kwa mdomo lakini kila unapomwandikia anajibu kwa simu tu, bado hujafika kwenye malipo ya sehemu. Mwandikie ulichosikia, mpe siku saba za kukusahihisha, na usimwachie muda ukakimbia: Tanzania na Kenya zote zinatoa miaka 6 kwa shauri la mkataba, lakini sampuli ya chakula na kumbukumbu za wafanyakazi wa banda hazidumu hata mwaka mmoja.